USHAURI: Mwanangu ametapika damu, na mjukuu anakimbia vidonge

*Mshauri, mimi ni mama wa miaka 61, mkulima wa ndizi na chai hapa Masukulu. Mwanangu wa kwanza alikwenda Ukerewe mwaka 2011 kutafuta maisha kwenye dagaa. Ameoa huko na ana watoto wawili. Miezi mitatu iliyopita alirudi nyumbani amekonda huku tumbo la kushoto limejaa. Wiki ya pili usiku akatapika damu, karibu beseni dogo la kuoshea mikono. Tukamkimbiza Tukuyu, akaongezewa damu, kisha Mbeya wakamwingiza kamera mdomoni. Wameandika kwamba ini lina makovu kuzunguka mishipa, bandama imefika usawa wa kitovu, na mishipa ya umio imevimba. Homa ya ini B na C hana. Wamesema ni kichocho.*

*Mimi kichocho ninachokijua ni cha kukojoa damu, na mwanangu hajawahi kukojoa damu. Ndugu wanasema amerogwa na wenzake wa mtumbwi. Yeye mwenyewe anasema wagawa dawa walikuwa wanafika kisiwani, ila yeye huwa ziwani usiku na mchana analala, basi hakuwahi kumeza. Mkwe wangu amepiga simu kwamba safari hii wanagawa tena, shuleni na kijijini. Mjukuu wangu wa miaka 9 mwaka jana alimeza, akatapika na kulala chini, na sasa hataki hata kusikia. Mkwe ananyonyesha wa mwaka mmoja, naye anaogopa. Je, wameze? Mwanangu atapona kwa hivyo vidonge? Na sisi tunaokaa naye, hatuambukizwi? Hapa tunameza dawa za usubi kila mwaka, labda zinatosha.*

*Mama wa Masukulu, Rungwe*

Shikamoo, mama, na pole sana kwa usiku ule. Umenieleza vizuri kiasi kwamba karibu kila ninachotaka kukujibu kimo ndani ya barua yako, kuanzia kile karatasi ya Mbeya ilichosema hadi kile ambacho haikukisema.

Vichocho tulivyo navyo Tanzania ni viwili. Kimoja minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya kibofu, na huyo mgonjwa ndiye anayekojoa damu. Kingine ni kichocho cha tumbo. Minyoo yake hukaa ndani ya mishipa ya damu inayotoka kwenye utumbo kuelekea kwenye ini, na mkojo wa mgonjwa unabaki safi maisha yake yote. Ukanda wa Ziwa Viktoria, Ukerewe ikiwemo, ndio kitovu cha hiki cha pili. Mtu anaweza kukaa nacho miaka kumi akidhani ana amiba au vidonda vya tumbo, kwa sababu anachokiona ni tumbo kusokota, kuharisha kunakokuja na kuondoka, na pengine damu kidogo kwenye choo kikubwa ambayo wanaume wengi hawaitazami wala hawaisemi.

Nikueleze kilichotokea ndani ya mwili wa mwanao, maana ukikielewa hicho, habari ya vidonge na ya mjukuu itakuwa rahisi.

Mvuvi anapoingia majini kusukuma mtumbwi, kuosha nyavu au kuoga mwaloni, vimelea vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyotoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi yake kwa dakika chache. Hutoka kwa konokono kwa wingi wakati jua limepanda, na huo ndio muda ambao mvuvi wa usiku yuko pwani akitengeneza vifaa na kuoga. Hupita kwenye damu hadi mapafu, halafu ini, ambako hukua na kuungana dume na jike, kisha hushuka kwenye mishipa ya utumbo na kutulia huko. Kwa kawaida huishi miaka mitatu hadi kumi, na wapo wanaozidi hapo. Kuanzia wiki ya tano hadi ya saba jike huanza kutaga, kadiri ya mayai mia tatu kwa siku.

Minyoo yenyewe haimuumizi mtu sana. Kinachomuumiza ni mayai. Lengo la yai ni kutoboa ukuta wa utumbo, kutoka na kinyesi na kufika majini kutafuta konokono. Lakini nusu hivi hayafiki. Mengine hunasa kwenye ukuta wa utumbo, na hapo ndipo panapotokea vidonda vidogo, uvimbe na damu ya chooni. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini na kukwama kwenye vijimishipa ambavyo ni vyembamba kuliko yai. Kila yai lililokwama hubaki hai wiki tatu hivi likitoa sumu yake, na mwili hulizingira kwa chembe za kinga. Yai likishakufa, mahali pale hubaki kovu. Fanya hesabu ya haraka: jozi moja ya minyoo inataga mayai zaidi ya laki moja kwa mwaka, na mtu wa ziwani hana jozi moja. Anaweza kuwa na mamia.

Kwa hiyo, mama, miaka yote aliyokaa Ukerewe, makovu yalikuwa yanajijenga kuzunguka mshipa mkubwa unaoingiza damu ya utumbo kwenye ini na matawi yake. Njia ikabana. Damu inayotoka kwenye utumbo na bandama ikakosa pa kupita kwa urahisi, ikarudi nyuma. Bandama ikavimba mpaka usawa wa kitovu, na ndiyo maana tumbo la kushoto lilijaa. Damu nyingine ikatafuta njia za pembeni kupitia mishipa midogo ya umio, mishipa ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Ikatanuka, ukuta wake ukawa mwembamba, na usiku ule mmoja ukapasuka. Hiyo ndiyo damu uliyoiona kwenye beseni.

Sasa kuhusu wenzake wa mtumbwi. Ninajua kwa nini watu husema amerogwa. Kijana hakuwa na homa, macho yake hayakuwa ya njano, alikuwa anakula na kufanya kazi, halafu kwa usiku mmoja akatapika damu. Ugonjwa wa kawaida hauji hivyo, wanasema. Lakini kichocho cha tumbo huja hivyohivyo hasa. Kinabana mishipa inayoingia kwenye ini bila kuziua chembe za ini lenyewe, kwa sababu ini hupata pia damu safi kutoka mshipa mwingine unaotoka upande wa moyo. Ini linaendelea kufanya kazi zake karibu zote. Vipimo vya damu vya ini vinaweza kurudi vizuri kabisa wakati mishipa ya umio imefika ukingoni. Ndiyo maana hakuugua miaka yote ile kisha akaanguka ghafla. Hospitali ya Bugando, Mwanza, madaktari walichunguza kwa kamera wagonjwa waliolazwa kwa kutapika damu, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mishipa ya umio iliyovimba iliongoza kwa kusababisha, na kichocho kilikuwa nyuma yake. Kwa watu wa ziwani, kutapika damu ni jambo lenye njia inayojulikana. Waambie ndugu zako hivyo, na uwaambie pia kwamba wale vijana wa mtumbwini wanaonyooshewa kidole wameoga maji yaleyale, na huenda wao nao wana bandama zinazovimba sasa hivi.

Tuje kwenye vidonge. Dawa inaitwa prazikwanteli. Ina historia ya tangu miaka ya 1970, kidonge chake kina miligramu 600, na kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mwanao akiwa na kilo 60, hiyo ni miligramu 2,400, yaani vidonge vinne kwa mkupuo. Usishangae kuona idadi hiyo. Dawa hii huufanya mnyoo kukakamaa na ngozi yake kuharibika, ukashindwa kujishikilia kwenye mshipa na kinga ya mwili ikaumaliza.

Ila kuna mambo mawili ambayo haiwezi, na yote mawili yanamhusu mwanao. La kwanza, haiui minyoo michanga. Ile iliyoingia mwilini wiki tatu nne kabla ya kumeza dawa huponyoka, ikakua na kuanza kutaga. Kwa hiyo kama alipewa dawa siku chache tu baada ya kutoka ziwani, anahitaji kurudia dozi baada ya wiki sita hadi nane tangu siku ya mwisho alipogusa maji ya ziwa. Muulize daktari wake juu ya hilo kwa maneno hayohayo. La pili, dawa haiondoi kovu. Inafunga bomba la mayai, mayai yaliyopo yanakufa kwa wiki chache, uvimbe unaoyazunguka unanywea. Utumbo hupona mapema, na kuharisha damu kwa kawaida huisha. Kovu changa la ini linaweza kupungua polepole kwa miezi na miaka. Kovu nene la mtu mzima, kama hilo alilo nalo, hupungua kidogo au halipungui kabisa.

Nisikufiche: vidonge peke yake havitazuia mshipa kupasuka tena. Kwa hilo anahitaji mambo ya hospitali. Mishipa ile hufungwa kwa mipira midogo kupitia kamera, na hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa mpaka itoweke. Wengi hupewa pia propranololi, dawa inayopunguza shinikizo kwenye mishipa hiyo, ya kumeza kila siku bila kuikatisha ghafla. Asimeze aspirini, diklofenaki wala dawa nyingine za maumivu za aina hiyo bila ruhusa, kwa sababu huweza kuamsha damu. Pombe aiache kabisa, kimpumu na bia vyote. Na akipata choo cheusi kama lami chenye harufu kali, au kizunguzungu na jasho jembamba, hata kama hajatapika, huo ni mshipa unaovuja. Msisubiri asubuhi. Msimpe chochote cha kunywa, mlazeni ubavu, mumpeleke. Iwekeni nauli kando kabisa, maana kutoka Masukulu hadi lami ni safari yenyewe.

Sasa mjukuu, na hapa ndipo nataka kusema kwa nguvu. Yote niliyoeleza juu ya baba yake yalijengwa kwa miaka ya mayai. Kovu lake leo ni jumla ya kila mwaka ambao minyoo ilitaga bila kuguswa. Mtoto wa miaka 9 wa Ukerewe tayari ana minyoo, karibu bila shaka, lakini kovu lake, kama lipo, ni changa. Akimeza kila mwaka, kila safari minyoo mingi hufa, na hata ile isiyokufa hupunguza utagaji. Mara nyingi mayai hushuka kwa asilimia 90 hivi hata pale ugonjwa usipoisha kabisa. Ataambukizwa tena akirudi majini, hilo ni kweli, na watu huuliza: basi faida ni nini? Faida ni kwamba ile jumla haifiki. Mwaka mmoja wa mayai machache, kisha dawa, kisha mwaka mwingine wa mayai machache, hauwezi kuzaa bandama ya kitovuni.

Hili halikuachwa kwenye nadharia. Huko Gezira, Sudan, miaka ya 1980, waliwapima watu wa vijijini ini kwa ultrasaundi, wakawapa dawa, wakawapima tena baadaye. Makovu yalipungua kwa wengi, zaidi kwa vijana na kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa haujawakomaa. Uganda wamekuwa wakigawa prazikwanteli kwa wingi tangu 2003, na kwenye vijiji vya ziwani bado hukutwa watu wazima wenye makovu ya ini. Ukiwauliza, wengi wana hadithi ya mwanao: dawa ilipokuja shuleni wao walikuwa wameshamaliza shule, na ilipokuja kijijini walikuwa majini. Kwa miaka mingi mipango ililenga watoto wa shule kwa kuwa wako mahali pamoja na ni rahisi kuwapata. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipanua mwongozo: palipo na maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, wapewe wote kuanzia miaka miwili, watu wazima wakiwemo, kila mwaka, na lengo ni kufikia angalau robo tatu ya watu. Kwangu mimi, ugawaji unaofanyika mwaloni saa nne asubuhi, wakati wavuvi wamelala, umeshindwa kabla haujaanza. Mkwe wako amwambie mgawa dawa wa kijiji aje jioni, kabla karabai hazijawashwa. Wagawa dawa wengi husikiliza wakiambiwa na mwanakijiji mwenyewe.

Kuhusu kutapika kwa mjukuu mwaka jana: sikia hivi. Kizunguzungu, kichefuchefu, tumbo kukata na hata kuharisha damu kidogo ndani ya saa chache huwapata zaidi watoto wenye minyoo mingi, kwa sababu ndiyo inayokufa kwa pamoja. Kwa hiyo kulala kwake chini kulimaanisha dawa ilikuwa na kazi nyingi ya kufanya. Na nadhani alimeza tumbo likiwa tupu, kwa kuwa watoto wengi huenda shule bila kula. Safari hii ale kwanza: ugali na dagaa, kiporo cha wali, uji mzito wenye karanga, chochote cha kushiba, asubuhi ileile. Kidonge kina uchungu mkali kikikaa mdomoni, hivyo asikitafune. Kikatwe vipande na amezee maji mengi. Wakimpima kwa kijiti cha kimo na akawa na sentimita kati ya 125 na 138, atapewa vidonge viwili, na hicho ndicho kipimo chake. Akae kivulini karibu na mwalimu saa mbili tatu za mwanzo, akitapika ndani ya saa moja walimu wamjulishe mhudumu wa afya. Kesho yake atakuwa mzima.

Mkwe naye ameze. Anayenyonyesha anaruhusiwa, na mjamzito pia anaruhusiwa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Wa mwaka mmoja hayumo kwenye ugawaji wa jumla, ila akiwa anaogeshwa kwa maji ya ziwa, ampeleke zahanati apimwe. Kuna dawa ya watoto wadogo inayoyeyuka kwenye maji, iliyotambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024, lakini haijaenea bado. Kwa sasa njia iliyopo mkononi mwake ni kuchota maji na kuyaacha kwenye chombo siku mbili kabla ya kumwogesha, maana vimelea vile havidumu zaidi ya hapo bila kumpata mtu.

Tahadhari moja nakupa wewe, kwa kuwa uko Rungwe tunakofuga nguruwe wengi. Kama kuna mtu kwenye familia ambaye anaanguka kifafa, au ana vinundu chini ya ngozi, aseme kabla ya kumeza prazikwanteli. Anaweza kuwa na mabuu ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo, na dawa hii ikiyagusa inaweza kuleta degedege. Huyo anatakiwa kutibiwa hospitali chini ya uangalizi, si kwenye foleni ya ugawaji.

Na dawa ya usubi haitoshi, mama. Najua kwa nini umefikiri hivyo, kwa sababu mnasimama kwenye kijiti cha kimo kilekile na mnagawiwa na mtu yuleyule wa kijiji. Lakini ile ni aivamektini, inafanya kazi kwa vijidudu vya usubi na minyoo mingine, ila kwa kichocho haina kitu. Endelea kuimeza kwa ajili ya macho na ngozi zenu.

Kuishi na mwanao hakuwaambukizi chochote. Mle naye sahani moja, mlale nyumba moja, mfue nguo zake. Yai la kichocho lazima lifike majini na kumpata konokono wa aina yake, likae humo wiki kadhaa, ndipo litoke kitu kinachoweza kumwingia mtu. Kwa sababu hiyo, mpaka amalize dozi ya pili na apimwe choo kwa hadubini ionekane hakuna yai, atumie choo tu, asiende haja mtoni wala kwenye bonde lililo juu ya chemchemi mnayochota. Kipimo hicho afanye mara mbili, kwa siku tofauti, kwa sababu wakati mwingine mayai ni machache na slaidi moja inayapita.

Umwambie pia asirudi Ukerewe kabla hajaonana na daktari wa kamera mara ya pili, hata kama anajisikia nguvu. Na atakaporudi, awachukue wale wenzake wa mtumbwi, waende wote zahanati siku moja. Waombe kupimwa choo na kushikwa tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu.